Mtoto wa miaka 3 anayekesha: kuacha usingizi wa mchana na kuweka muda wa utulivu

*Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 3 na miezi 2, tunaishi Sakina, Arusha. Mchana dada huanza kumlaza saa 7 na nusu, husinzia saa 8 baada ya kubembelezwa sana, na huamka saa 10. Usiku halali mpaka saa 4 na robo, na saa 12 na nusu asubuhi lazima aamke kwa sababu natoka kwenda kazini. Wikiendi halali mchana. Saa 2 usiku anakuwa ameshalala mpaka saa 1 kasorobo, lakini kuanzia saa 11 jioni ni kilio kitupu. Mama mkwe yuko Marangu, anasema mtoto asiyelala mchana hakui. Nimwachishe? Na dada atafanyaje kazi, maana huo ndio muda wake wa kufua na kupika?*

Marahaba mama. Ndiyo, mwachishe, ila uende naye kwa wiki tatu hivi, na usiuguse mchana kabla hujaupanga upya usiku. Jibu la swali lako la kwanza umeshaliandika mwenyewe, tuhesabu tu pamoja.

Siku za kazi mwanao anapata saa 8 na robo za usingizi usiku, ukiongeza 2 za mchana zinakuwa 10 na robo. Wikiendi, bila kulala mchana hata kidogo, analala saa 10 na dakika 45 kwa mkupuo mmoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku nzima, usiku na mchana kwa jumla. Kwa hiyo siku ambazo halali mchana ndizo anazolala zaidi. Usingizi wa mchana haumwongezei kitu tena, unahamisha tu saa zake kutoka usiku kuzipeleka adhuhuri. Mtoto ambaye bado anauhitaji huonyesha hesabu tofauti: akikosa kulala mchana, usiku haufidii, na jumla yake inashuka.

Chanzo chake kiko kwenye ubongo. Tangu mtoto anapoamka, uchovu wa kusinzia hujengeka kidogo kidogo kichwani mwake, na kulala ndiko kunakouondoa. Kwa mtoto wa mwaka mmoja uchovu huo hujaa upesi, ndiyo maana adhuhuri haimpiti. Kadiri ubongo unavyokomaa, kujaa kwake kunakuwa polepole, na watoto wengi hufika mahali pa kuubeba mchana kutwa kati ya miaka 3 na 5. Mwanao anayeamka saa 10 jioni akiwa amelala saa 2 nzima ni kama mtoto aliyekula maandazi saa 11: ukimwekea chakula saa 2 usiku hatakigusa, na si ukaidi. Hata ile nusu saa ya kubembelezwa ni dalili ileile. Zamani alikuwa akiwekwa kitandani anazama, sasa dada anapigana na mwili usiohitaji kulala.

Kuhusu mama mkwe, msikilize kwa heshima, kwa sababu amelea na anachokiona si uongo kabisa. Mtoto hukua akiwa amelala. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito, na usingizi mzito umejaa sehemu ya mwanzo ya usiku. Mwambie hivyo: mjukuu wake hapunguziwi usingizi, anarudishiwa ule wa usiku. Bibi wengi niliozungumza nao kliniki, Moshi na hapo Arusha, hukubali wakishaona kwamba mtoto analala mapema. Wasichokubali ni mtoto kunyimwa usingizi mchana kisha kuachwa akitazama televisheni hadi saa 4, na hapo wako sahihi.

Sasa tuanze na usiku. Kilio cha saa 11 unachokiona wikiendi hakisemi kwamba mtoto hajawa tayari. Kinasema kwamba saa 2 usiku ni mbali mno kwake kwa sasa. Mtoto aliyeamka saa 12 na nusu asubuhi na hakulala mchana, mwezi wa kwanza anapaswa awe kitandani saa 1 na robo, saa 1 na nusu usiku isizidi. Kwetu jua linazama kuelekea saa 12 na nusu jioni karibu mwaka mzima, kwa hiyo giza liko upande wako. Kuna jambo moja huwapotosha wazazi wengi. Mtoto aliyechoka sana, ukimpitisha muda wake, haonekani amechoka. Anaruka juu ya makochi, anacheka ovyo, macho yanameta. Mzazi husema hana usingizi, wakati mwili umeshatoa homoni za kumkesha ili ajisukume. Ukiona hivyo umeshachelewa kama nusu saa, na kesho uanze mapema zaidi.

Najua unafika nyumbani jioni, na kumlaza saa 1 na nusu maana yake unamwona kwa muda mfupi tu. Hilo ni gharama ya kweli na sitaki kulipita. Nashauri dada amwogeshe saa 12 kasorobo na kumlisha saa 12, chakula kizima cha usiku, mtori au wali na maharage, si uji wa kusubirisha. Ukifika, wewe usipike wala usifue. Hiyo nusu saa ya mwisho iwe yako: kumvalisha, hadithi, sala kama mnasali, kulala naye kidogo. Wakubwa mle baadaye. Na kama anakolala sauti ya taarifa ya habari ya saa 2 inamfikia, punguzeni sauti kwa wiki hizi tatu, kwa sababu usingizi wake wa mwanzo bado ni mwepesi kabla haujazama.

Wiki ya kwanza mchana usiufute, ufupishe. Dada amlaze saa 7 badala ya saa 7 na nusu. Akisinzia, aamshwe saa 8 na nusu hata kama amelala saa moja tu. Ikifika saa 7 na nusu bado macho yako wazi, aache kumbembeleza, amwinue, na siku hiyo ihesabiwe kuwa ya utulivu. Kumwamsha si kumtikisa. Afungue pazia, mlango uachwe wazi, sauti za nyumbani ziingie, ampapase mgongo, ampe maji. Mtoto akiamshwa katikati ya usingizi mzito hulia dakika 10 hadi 20 kama asiyekujua. Inatisha lakini inapita, abebwe tu na kutolewa nje kwenye mwanga. Usiku wa wiki hii mlaze saa 2 na robo, na mkiweza saa 2.

Wiki ya pili chagua siku tatu zisizofuatana, tuseme Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, ambazo hakuna kulala kabisa, ni muda wa utulivu tu, na usiku saa 1 na robo. Siku nyingine endeleeni na usingizi mfupi. Wiki ya tatu kila siku iwe ya utulivu. Nakwambia upishanishe siku kwa sababu deni la usingizi hujilimbikiza. Watoto wengi husimama vizuri siku ya kwanza na ya pili, halafu ya nne wanaporomoka, na mama anadhani mpango mzima umeshindikana.

Muda wa utulivu wenyewe ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanaufanya uwe usingizi kwa jina lingine. Mtoto anaambiwa "nenda ukatulie", kumbe anawekwa kitandani gizani na kuviziwa kama atasinzia. Anaelewa mara moja, na anaanza kupigana nao kama alivyopigana na usingizi. Dada amwambie waziwazi, kwa maneno yaleyale kila siku: "Sasa ni muda wa kutulia. Si lazima ulale. Utacheza hapa kwenye mkeka mpaka kengele ilie." Neno kulala lisitajwe zaidi ya hapo.

Huhitaji chumba cha mtoto. Nyumba nyingi za kupanga Sakina, Ngaramtoni au Pasua ni chumba na sebule, na zinatosha. Tandika mkeka upande wa chumbani, weka mto na shuka, pazia lifungwe nusu ili mwanga upungue bila kuwa giza, mlango uachwe wazi. Mkeka huo ukunjwe muda ukiisha, usitumike kwa jambo lingine, ndiyo mtoto ajue kwamba ukitandikwa mchana una maana yake. Karibu nao weka kikapu chenye vitu vinne au vitano ambavyo saa nyingine haviguswi: kitabu cha picha, vibanio vya nguo na kopo la maziwa la kuvibania ukingoni, mabaki ya vitenge ya kukunja na kukunjua, vipande vya mbao vilivyopigwa msasa ambavyo fundi seremala yeyote wa mtaani atakukatia, sufuria ndogo na kijiko cha mbao. Kila Jumapili usiku badilisha viwili. Usiweke maharage, shanga wala vizibo, kwa kuwa hapo mtoto yuko peke yake na vitu hivyo huishia puani, masikioni au kooni.

Simu isiwemo. Najua inamtuliza kuliko vyote, lakini inamtuliza macho tu. Lengo la saa hii ni akili yake ikae bila kuendeshwa na kitu kinachomulika, na tena ukiizoesha, siku isipokuwa na chaji hutakuwa na muda wa utulivu. Chupa ya maziwa pia isiwepo: mtoto akiinyonya kwa kujilaza saa nzima, meno ya mbele huoza.

Sasa dakika. Siku ya kwanza ni 10 tu. Watu huanza na saa nzima, mtoto anatoka mara kumi, kila mtu anakasirika, inaisha. Dakika 10 za kwanza dada akae palepale chumbani, amempa mgongo kidogo, anafanya kazi ya mikono isiyo na makelele: kuchagua mchele, kukunja nguo, kuchambua mchicha. Hachezi naye, hamjibu zaidi ya neno moja. Kengele ya simu ilie kabla mtoto hajachoka, na asifiwe kwa alichokifanya, si kwa ujumla: "Umecheza mwenyewe mpaka kengele imelia." Kila baada ya siku mbili au tatu ongeza dakika 5. Akifika 20, dada ahamie mlangoni. Akifika 30, aende sebuleni au uani, mahali ambapo bado anamsikia. Kwa mtoto wa miaka 3 mimi huishia 45. Wapo wanaofika saa nzima na kufurahi, lakini usilazimishe.

Akitoka kwenye mkeka, na atatoka, dada amshike mkono amrudishe kimya kimya na maneno yaleyale ya mkeka. Asimgombeze, asimpe biskuti ili abaki. Akitoka zaidi ya mara nne au tano, muda ulikuwa mrefu mno: kesho rudini dakika 5 nyuma. Na msiutumie kamwe muda huu kama adhabu, "kaa kwenye mkeka mpaka uache ujinga." Ukifanya hivyo mara moja tu, mkeka unageuka jela na kazi ya wiki nzima inapotea.

Siku nyingine atasinzia mwenyewe juu ya mkeka. Ni sawa. Kama ni kabla ya saa 8, mwache dakika 30 kisha aamshwe. Akisinzia karibu na saa 9, dakika 15 zinatosha, na usiku umcheleweshe kumlaza kwa nusu saa.

Kuhusu kazi za dada, niseme ukweli kwamba dakika 45 si saa 2. Hutapata tena muda mrefu wa nyumba tupu adhuhuri, na ni haki ukae naye, umweleze, mpange upya siku badala ya kumwachia abebe mzigo. Kufua kuhamie asubuhi mtoto akiwa na nguvu za kucheza uani, naye apewe kibeseni chake chenye maji kidogo na soksi mbili za kufua. Chakula cha mchana kipikwe asubuhi hiyohiyo. Muda wa utulivu uwe wa dada kupumzika pia au kazi nyepesi.

Hapa pana hatari ambayo hujaiuliza. Miaka yote hii jiko la mkaa, sufuria ya maji ya moto na ndoo za maji vilikuwa salama saa 8 mchana kwa sababu mtoto alikuwa amelala. Kuanzia sasa yuko macho, ametulia, na kutulia kwake kunafanya mtu asahau kumtazama. Saa hiyo jiko lisiwe limewashwa mahali anapoweza kufika, na ndoo na mabeseni yamwagwe au yafunikwe kwa kitu kizito. Hilo dada alijue kabla ya jambo lingine lolote.

Baada ya hapo kinachobaki ni saa 10 hadi saa 12 jioni, saa ngumu kuliko zote. Saa 10 apewe kitu cha kushiba, ndizi, parachichi au uji, kwa sababu nusu ya kilio cha saa 11 huwa ni njaa iliyochanganyika na uchovu. Kisha atoke nje kwenye mwanga, acheze, atembee kwa miguu yake. Usimpakie kwenye daladala au bajaji saa hizo kama si lazima, na asibebwe mgongoni. Mtoto wa miaka 3 aliyefungwa kanga mgongoni saa 11 husinzia ndani ya dakika 5, na dakika 10 za usingizi wa saa hiyo zinatosha kukukesha mpaka saa 4 usiku. Watu hunijia wakisema mpango haufanyi kazi, kumbe kila jioni mtoto anafuatwa kwa bibi na kurudi mgongoni amelala, na hakuna anayeuhesabu usingizi huo.

Utajuaje kwamba inakwenda? Usiku anazama ndani ya dakika 20, asubuhi anaamka mwenyewe karibu na saa 12 na nusu akiwa mchangamfu, na kilio cha jioni kinapungua wiki ya tatu au ya nne. Hapo unaweza kusogeza kulala pole pole hadi saa 2 kasorobo au saa 2. Na utajuaje kwamba umewahi? Akisinzia kwenye mkeka kila siku kwa zaidi ya wiki moja, akianza kuamka saa 10 au 11 alfajiri, au akianguka na kujigonga kila jioni kwa uchovu, mrudishie usingizi mfupi wa mchana kwa miezi miwili kisha ujaribu tena. Muda wa utulivu mliokwisha kuujenga haupotei, unaanza na huo, na akisinzia ndani yake anasinzia. Msomaji mwingine mwenye mtoto wa chini ya miaka 2 na nusu asichukue mpango huu. Umri huo mtoto hukataa kulala mchana kwa wiki mbili tatu, hasa akizaliwa mdogo wake au mkihama nyumba, kisha hurudi.

Kama mwanao anakoroma karibu kila usiku, analala mdomo wazi, au pumzi inakatika kisha anashtuka, usianze kwanza. Mpeleke hospitali akaangaliwe koo na nyama za nyuma ya pua, maana usingizi wake wa usiku haumpumzishi na mchana ndio unaomfidia. Vivyo hivyo mtoto aliyekuwa ameacha kulala mchana akirudi ghafla kulala ovyo, ana homa, au viganja na ndani ya kope vimepauka: hapo ni kupimwa malaria na damu, hasa kama mmetoka Kahe au sehemu nyingine za tambarare.

Siku ya kuumwa, alale anavyotaka. Siku ya safari pia: mkipanda basi kwenda Marangu atasinzia kabla hamjafika Boma Ng'ombe, na hakuna haja ya kumkesha. Mkifika kwa bibi, tandikeni ule mkeka kesho yake saa 7 kama kawaida, na bibi mwenyewe aambiwe yale maneno ya kusema.